Bei ya Dakika ya Mwisho

Jumatatu tarehe 9 Machi 2009, saa kumi kamili alasiri, biashara ya kawaida katika Soko la Hisa la Hong Kong ilisimama. Wakati huo hisa moja ya benki ya HSBC ilikuwa ikiuzwa kwa dola 37.60 za Hong Kong. Siku yenyewe ilikuwa imeshaharibika. Wiki moja kabla, benki hiyo ilikuwa imetangaza kwamba inawaomba wenye hisa wake wanunue hisa mpya ili ipate pauni bilioni 12.5, na dunia nzima ilikuwa katikati ya msukosuko wa fedha. Dakika kumi baada ya saa kumi, bei rasmi ya kufunga ikatangazwa: dola 33.00. Asilimia 12 ya thamani ya mojawapo ya benki kubwa kabisa duniani iliyeyuka katika dakika ambazo biashara ya kawaida ilikuwa imekoma.

Kilichoishusha bei hiyo ni mnada wa kufunga, utaratibu ambao watu wengi wenye hisa hawajawahi kuusikia ingawa matokeo yake wanayasoma kila jioni. Taarifa ya habari inaposema hisa fulani "imefunga" kwa bei fulani, msikilizaji hudhani hiyo ni bei ya mtu wa mwisho aliyenunua kabla kengele haijalia. Zamani ilikuwa hivyo katika masoko mengi. Leo, katika masoko makubwa ya Marekani, Ulaya na Asia, bei ya kwanza ya siku na bei ya mwisho hazitokani na mauziano ya watu wawili. Hutokana na hesabu moja inayokusanya wanunuzi wote na wauzaji wote kwa pamoja, na kuwapa wote bei ileile.

Ukisikia neno mnada usifikirie ule wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, ambako mnadishaji hupaza sauti, wanunuzi hupandiana, na fungu huondoka na mmoja aliyetaja bei kubwa kuliko wenzake. Kwenye soko la hisa wauzaji nao ni wengi, na hakuna fungu moja la kugombewa. Kila mtu kupitia dalali wake hutuma oda yenye mambo mawili: idadi ya hisa, na bei ambayo hatakubali kuivuka. Mnunuzi husema hatalipa zaidi ya kiasi fulani. Muuzaji husema hatapokea pungufu ya kiasi fulani. Wapo pia wanaosema wanachukua bei yoyote itakayotoka. Kwa muda wa dakika kadhaa oda hizi hukusanywa tu, na hakuna anayeuziwa chochote. Muda ukiisha, mtambo wa soko hutafuta bei moja ambayo kwayo hisa nyingi zaidi zitabadilisha mikono.

Tufanye hesabu yenyewe kwa kampuni ya kubuni na kwa shilingi, maana bila hesabu jambo hili halishikiki. Upande wa wanunuzi, zipo oda za hisa 500 kwa bei yoyote. Mwingine anataka 300, mwisho wake shilingi 102. Mwingine 400, mwisho 101. Mwingine 600, mwisho 100. Kisha wapo wawili wanaovizia bei ya chini: mmoja anataka 200 kwa shilingi 95, mwingine 300 kwa shilingi 90. Upande wa wauzaji, zipo hisa 200 za bei yoyote, 300 kuanzia shilingi 99, 400 kuanzia 100, 200 kuanzia 101, na 500 kuanzia 102.

Sasa mtambo unaijaribu kila bei. Kwa shilingi 102, walio tayari kununua ni wale wa bei yoyote na yule wa 102, jumla hisa 800. Walio tayari kuuza wana hisa 1,600. Zitakazouzwa ni 800 tu, kwa kuwa huwezi kuuza kuliko kinachonunuliwa. Kwa shilingi 101, wanunuzi wanafika 1,200 na wauzaji 1,100, zitauzwa 1,100. Kwa shilingi 100, wanunuzi ni 1,800 lakini wauzaji wamebaki 900. Kwa hiyo shilingi 101 ndiyo inayouza hisa nyingi zaidi, na hiyo ndiyo inakuwa bei ya mnada. Kila aliyefanikiwa anapata 101. Aliyekuwa tayari kulipa 102 analipa 101. Aliyekuwa radhi kuuza kwa 99 anapokea 101. Hisa 100 za upande wa wanunuzi hazikupata muuzaji, na zinakatwa kwa yule aliyeweka mwisho wake 101, kwa kuwa waliokubali kulipa zaidi hutangulizwa.

Uzuri wa utaratibu huu uko hapo. Katika biashara ya mfululizo inayoendelea mchana kutwa, oda kubwa huingia ikakutana na yeyote aliye mbele yake kwa sekunde hiyo, na bei hurukaruka kwa sababu ya mpangilio wa nani aliwahi. Katika mnada, aliyewahi na aliyechelewa wanahesabiwa pamoja na hamu zao zote zinapimwa mara moja. Bei inayotoka imebebwa na watu wengi, si na wawili.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa kutisha. Rudi kwenye mfano wetu, kisha sekunde ya mwisho aongezeke muuzaji mmoja mwenye hisa 2,000 anayesema auziwe kwa bei yoyote. Sasa hisa za kuuzwa kwa bei yoyote ni 2,200. Kwa shilingi 101, wanunuzi bado ni 1,200. Kwa shilingi 100 na kwa 99, wanafika 1,800. Kwa shilingi 95 wanakuwa 2,000. Inabidi kushuka hadi shilingi 90 ndipo wanunuzi wafike 2,300 na hisa zote 2,200 zipate mwenyewe. Na kwa kuwa mtambo umeagizwa utafute bei inayouza hisa nyingi zaidi, bei inakuwa shilingi 90. Hakuna aliyebadili mawazo kuhusu kampuni. Wale waliokuwa tayari kulipa 102 bado wapo tayari kulipa 102, na wanapewa kwa 90. Oda moja, kwa kuchelewa na kwa kutotaja bei, imeburuta kila mtu chini.

Hicho ndicho kilichowezekana Hong Kong mwaka 2009. Mnada wa kufunga ulikuwa umeanzishwa huko Mei 2008, na haukuwa na mpaka wa bei: hesabu ilikuwa huru kushuka hadi itakapokutana na wanunuzi. Oda za kuuza HSBC zilipoielemea upande mmoja, mpaka uliobaki ulikuwa ni pale walipokuwa wanunuzi waliovizia chini. Na HSBC haikuwa hisa ya pembeni. Ilikuwa na uzito mkubwa katika fahirisi ya Hang Seng, na wakazi wengi wa Hong Kong waliiweka kama akiba ya familia. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kuanzia tarehe 23 Machi 2009, majuma mawili tu baadaye, mnada wa kufunga ulisimamishwa. Soko likarudia njia yake ya zamani: katika dakika ya mwisho ya biashara, bei huchukuliwa mara tano kila baada ya sekunde 15, zinapangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na ile ya katikati ndiyo inakuwa bei ya kufunga.

Mtu angeweza kusema basi waiache njia hiyo ya bei tano idumu, kwa kuwa ni rahisi na ni vigumu kwa oda moja kuiyumbisha. Shida ni kwamba kuna watu wenye wajibu wa kununua au kuuza kwa bei ya kufunga hasa, na si kwa bei iliyo karibu nayo.

Mkubwa kati yao ni mfuko unaofuata fahirisi. Mswahili anayefanya kazi Houston au Birmingham, ambaye kila mwezi mwajiri wake hukata sehemu ya mshahara kwa ajili ya uzeeni, mara nyingi fedha zake ziko katika mfuko wa namna hii bila yeye kuuchagua kwa jina. Meneja wa mfuko huo hachagui hisa kwa maoni yake. Kazi yake ni kupata kile kilichopatikana na fahirisi, bila kuzidi na bila kupungua, na fahirisi hupimwa kwa bei za kufunga. Mfuko wa uwekezaji wa Marekani, kwa upande wake, kwa kawaida hukokotoa thamani ya kipande chake kwa bei za saa kumi alasiri ya New York, na aliyeweka fedha asubuhi hupewa thamani ya jioni hiyo. Meneja akinunua mchana kwa bei nzuri kuliko ya kufunga, amebahatika; akinunua kwa bei mbaya, ameunguza fedha za wateja wake na atatakiwa ajieleze. Njia salama kwake ni kuingia katika mnada wa kufunga, ambako bei anayolipa na bei itakayompima ni ile ile moja. Njia ya bei tano haimpi nafasi hiyo. Inatangaza namba, lakini hakuna mahali anapoweza kununua kwa namba hiyo.

Ndiyo maana mnada wa kufunga umekuwa dakika nzito kuliko zote katika siku. Nchini Marekani sehemu ya kumi hivi ya biashara yote ya hisa hupita humo. Katika masoko makubwa ya Ulaya sehemu hiyo ni kubwa zaidi, imevuka moja ya tano. Siku za kupanga upya fahirisi, wingi wake hauna mfano. Mnada wa Nasdaq wa siku ya fahirisi za Russell mwezi Juni 2024 ulibadilishana hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 90, na hesabu yote ilikamilika chini ya sekunde moja.

Uzito huo huacha alama kwenye bei. Kampuni ya magari ya Tesla iliingizwa katika fahirisi ya S&P 500 kuanzia Jumatatu tarehe 21 Desemba 2020, kwa hiyo mifuko yote inayoifuata fahirisi hiyo ilihitaji kuwa na hisa zake kwa bei ya kufunga ya Ijumaa. Ijumaa ilifungwa kwa dola 695, juu kwa asilimia 6 hivi kulinganisha na Alhamisi. Jumatatu hisa ileile ilifunga karibu na dola 650. Kwa maoni yangu namba hizi mbili zina mafunzo kuliko maelezo marefu: bei ya kufunga ni bei ya kweli kwa maana kwamba watu walilipa, lakini wengi waliolipa hawakuwa wakisema lolote kuhusu magari. Walikuwa wakitimiza zamu yao.

Hong Kong iliurudisha mnada wake tarehe 25 Julai 2016, na utaratibu mpya ulijengwa kwa kuutazama mkasa wa 2009. Saa 10:00 alasiri biashara ya kawaida inakoma. Katika dakika ya kwanza, soko linatangaza bei ya rejea, na bei hiyo ni ileile ya katikati kati ya zile tano za dakika ya mwisho. Njia ya zamani haikutupwa. Iligeuzwa kuwa nanga. Kuanzia saa 10:01 hadi 10:06 oda zinapokelewa, zinabadilishwa na kufutwa, lakini oda yenye bei haiwezi kuwa mbali na bei ya rejea kwa zaidi ya asilimia 5, juu au chini. Kuanzia 10:06 mlango wa kutokea unafungwa: oda mpya zinaweza kuingia, ila hakuna anayeruhusiwa kufuta au kubadili aliyokwishaiweka, na bei mpya lazima ziwe kati ya bei ya juu ya wanunuzi na bei ya chini ya wauzaji waliopo tayari. Kisha kuanzia 10:08 hadi 10:10 mnada unaweza kufungwa sekunde yoyote, na hakuna anayejua ni ipi.

Kila kipande cha utaratibu huo kinajibu ujanja wa aina yake. Mpaka wa asilimia 5 unazuia bei isishuke hadi kwa wanaovizia shimoni. Marufuku ya kufuta inamzuia mtu anayeweka oda kubwa ya kununua ili wengine waone bei ikipanda, kisha anaichomoa sekunde moja kabla ya hesabu. Na sekunde isiyojulikana inamnyima nafasi anayesubiri hadi mwisho kabisa ili wenzake wasipate muda wa kumjibu. London nao hufunga mnada wao wa dakika tano, unaoanza saa kumi na nusu alasiri, kwa sekunde ya nasibu ndani ya nusu dakika inayofuata. New York imechagua njia nyingine: oda nyingi za kufunga hazipokelewi wala kufutwa kwa uhuru baada ya saa kumi kasoro dakika kumi, na kuanzia hapo soko linatangaza hadharani ni upande upi umezidi na kwa hisa ngapi, ili wenye uwezo wa kusimama upande wa pili waje. Tangazo hilo ndilo lililokosekana kwenye mfano wetu wa hisa 2,000. Kama muuzaji yule angelazimika kujitokeza dakika kumi mapema, wapo ambao wangefurahi kununua kwa 98.

Mnada wa kufungua una hesabu ileile lakini kazi yake ni ngumu kwa namna nyingine. Wakati wa kufunga, soko lina bei ya dakika moja iliyopita ya kushikilia. Wakati wa kufungua, usiku mzima umepita, kampuni imetoa taarifa zake, Asia na Ulaya zimeshafanya biashara, na bei ya jana inaweza kuwa haina maana. Ugumu unazidi pale kampuni inapouzwa hadharani kwa mara ya kwanza, maana haina hata bei ya jana.

Tarehe 18 Mei 2012, Facebook ilikuwa inaingia Nasdaq. Waliopewa hisa kabla walinunua kwa dola 38. Mnada wa kwanza ulipangwa kufanyika saa tano asubuhi ya New York, ukasogezwa hadi saa tano na dakika tano. Oda zilikuwa nyingi mno. Mtambo wa Nasdaq ulipiga hesabu kama ile tuliyoifanya, kisha ukafanya jambo moja la busara: kabla ya kutangaza bei, uliangalia kama kuna mtu aliyefuta oda yake wakati hesabu ikiendelea. Kama yupo, ulirudia hesabu bila oda hiyo. Kwa siku za kawaida ukaguzi huo ulichukua milisekunde chache na haukuleta neno. Lakini siku hiyo watu walikuwa wakifuta kwa wingi, na kila mtambo uliporudia hesabu, ndani ya milisekunde zilezile oda nyingine ilikuwa imefutwa. Ukaanza upya. Ukaanza tena. Mnada ulikuwa umenasa katika mzunguko usio na mwisho, na wateja kwenye skrini waliona ukimya tu.

Wahandisi waliamua kuuzima ukaguzi ule ili mnada upite, na saa tano na nusu Facebook ikafunguliwa kwa dola 42.05, zaidi ya hisa milioni 75 zikibadilisha mikono kwa mpigo. Ila mtambo, wakati ukizunguka, ulikuwa umeachwa nyuma na wakati. Oda zaidi ya 30,000 zilizotumwa katika dakika 19 za mwisho hazikuhesabiwa katika mnada, zikakwama ndani kwa zaidi ya saa mbili. Waliokuwa wameomba kununua hawakujua kama wamepata. Waliofuta hawakujua kama wamefutiwa. Uthibitisho kwa madalali ulitoka saa nane kasoro dakika kumi mchana. Wengine, wakidhani oda zao hazikufika, walituma tena na kujikuta na hisa mara mbili. Jioni hisa ilifunga kwa dola 38.23. Mwaka uliofuata Tume ya Hisa na Dhamana ya Marekani iliitoza Nasdaq faini ya dola milioni 10.

Ukiitazama kasoro hiyo kwa makini, inatoka mahali palepale zilipotoka zile kanuni za Hong Kong. Mnada unahitaji wakati fulani ambapo hamu za watu zinagandishwa ili zihesabiwe. Nasdaq iliruhusu watu waendelee kufuta hadi sekunde ya hesabu yenyewe, kwa nia njema ya kuheshimu uamuzi wa mteja, na kwa hiyo hakikuwapo kitu kilichotulia cha kuhesabu.

Na mnada usipofanyika kabisa? Jibu lilipatikana tarehe 24 Januari 2023 katika Soko la Hisa la New York. Mtambo wa akiba ulioko Chicago haukuzimwa ipasavyo usiku uliotangulia, na asubuhi mfumo mkuu ulipoanza kazi ulichukulia kwamba soko limeshafunguliwa. Ukairuka minada ya kufungua ya hisa nyingi na kuingia moja kwa moja kwenye biashara ya mfululizo. Oda zilizotumwa zikisubiri kukutana na umati zilikutana na mmoja mmoja aliyekuwa karibu. Hisa za kampuni kama Walmart na McDonald's, ambazo kwa kawaida husogea kidogokidogo, ziliruka juu na chini kwa asilimia nyingi ndani ya dakika chache. Biashara za hisa kadhaa zilisimamishwa kwa muda, na baadaye soko likafuta miamala zaidi ya 4,000 katika hisa za zaidi ya kampuni 250. Kampuni hazikuwa zimebadilika usiku ule. Kilichokosekana ni ile hesabu ya saa tatu na nusu asubuhi.

Upo pia ukiukaji ambao hauonekani kwa kuruka kwa bei. Oktoba 2014 tume ileile ya Marekani iliiadhibu kampuni ya Athena Capital Research ya New York, faini ya dola milioni moja, kwa kuchezea bei za kufunga za maelfu ya hisa za Nasdaq katika miezi sita ya mwisho ya mwaka 2009. Kampuni hiyo ilikuwa ikisoma tangazo la soko kuhusu upande uliozidi, kisha inaahidi kuuza au kununua katika mnada kwa upande wa pili, jambo linaloruhusiwa na lenye manufaa kwa soko. Ubaya ulikuja baadaye. Katika sekunde mbili za mwisho za biashara ya mfululizo, programu zake zilimwaga oda nyingi mfululizo ili kuisukuma bei kuelekea pale itakapoifaa ahadi yake ya mnadani. Moja ya programu hizo waliipa jina la Gravy. Kwa sekunde hizo biashara yake ilifikia zaidi ya asilimia 70 ya biashara yote ya Nasdaq katika hisa zilizohusika. Mwekezaji wa kawaida asingeona kitu. Wasimamizi waliona kwa kupanga oda sekunde kwa sekunde na kuuliza nani alikuwapo kila jioni kabla ya saa kumi.

Hatari hiyo ndiyo inayofanya baadhi ya masoko yapende wastani. Soko la Hisa la Nairobi huitoa bei ya siku kwa wastani wa bei zote zilizouzwa siku hiyo, kila bei ikipewa uzito kulingana na wingi wa hisa zake. India nayo imekuwa ikitumia wastani wa nusu saa ya mwisho. Kwa soko ambalo hisa nyingi huuzwa mara chache kwa siku, naona wastani ni uamuzi wa haki: mnada wa kufunga wenye oda sita ni mlango wazi kwa yeyote mwenye hisa chache na nia mbaya, na kuusogeza wastani wa siku nzima kunahitaji kununua au kuuza siku nzima.

Gharama yake inaangukia wale wasioonekana katika taarifa ya jioni. Meneja wa mfuko wa pensheni anayepimwa kwa wastani hawezi kununua kwa wastani, kwa sababu haujulikani hadi soko lifungwe, na likishafungwa hakuna wa kumuuzia. Anachoweza kufanya ni kuigawa oda yake vipande na kuivizia bei kutwa nzima, na tofauti kati ya alichopata na namba iliyotangazwa hukatwa kutoka kwenye akiba ya wastaafu. Na mtu binafsi anayetuma oda kwa dalali wake, iwe ya mnada wa London au ya kawaida Nairobi, ana kinga moja iliyo mikononi mwake, ile ambayo muuzaji wa hisa 2,000 katika mfano wetu hakuitumia: kuandika bei ambayo hataivuka. Angeandika 99, hisa zake 1,300 zingeuzwa kwa bei isiyopungua shilingi 99, na 700 zingebaki zikisubiri kesho.